Kivuli upande gani? Kuchora kutolingana kwenye grafu na kuamua kwa nukta ya kupima

Ukisahihisha madaftari ya hesabu ya kidato cha tatu na cha nne hapa Uganda, utaona kwamba mstari wenyewe si tatizo kubwa. Rula imetumika, mihimili imeandikwa x na y, mstari umepita panapotakiwa. Tatizo huanza penseli inapogusa karatasi kupaka kivuli. Hapo mwanafunzi husita, huangalia daftari la jirani, kisha hupaka upande wowote na kuomba Mungu.

Kinachomkwamisha ni kwamba anafanya maamuzi mawili akidhani ni moja. La kwanza: upande upi wa mstari unakubaliana na kutolingana tulikopewa? La pili: upande upi upakwe? Nukta ya kupima hujibu swali la kwanza tu. La pili hujibiwa na maneno ya swali, na katika mitihani ya UNEB mazoea ya miaka mingi ni kuambiwa upake eneo lisilotakiwa. Kwa hiyo mtu anaweza kupima sawasawa, akapata jibu sahihi, kisha akapaka upande ule ule aliopaswa kuuacha mweupe.

Tutafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, tukichepuka kidogo pale ambapo mfano huo hautoshi.

Toka kwenye maneno hadi kwenye alama

Mchuuzi wa matunda mjini Busia ana shilingi 60,000 za kununulia mzigo. Nanasi moja analipata kwa shilingi 3,000, tikiti maji moja kwa shilingi 5,000. Anunue mangapi ya kila aina?

Idadi ya mananasi tuite x, na idadi ya matikiti tuite y. Pesa zitakazotumika ni 3000x + 5000y, na hazitakiwi kuzidi alizonazo:

3000x + 5000y ≤ 60000

Gawanya kote kwa 1,000 ili usihangaike na masifuri:

3x + 5y ≤ 60

Tumegawanya kwa namba chanya, kwa hiyo alama imebaki ilivyo. Ukigawanya au kuzidisha kwa namba hasi, alama hugeuka. Jambo hilo tutalirudia baadaye, maana lina uhusiano wa karibu na nukta ya kupima.

Kabla hujaendelea, tazama ile alama tena. Tumeandika ≤ na si < kwa sababu mchuuzi anaruhusiwa kumaliza pesa zake zote. Swali likisema "isizidi" au "si zaidi ya", usawa umo ndani. Likisema "angalau" au "isipungue", usawa umo ndani pia, ila alama ni ≥. Lakini likisema "pungufu ya" au "nyingi kuliko", usawa umekataliwa. Tofauti hii inaonekana ndogo ukiwa bado kwenye maneno, lakini kwenye grafu ndiyo itakayoamua mstari uchorwe mzima au wa vipande, na mwishoni mwa mfano wetu utaona inavyobadilisha idadi ya majibu.

Chora mpaka kwanza

Kwa muda mfupi sahau alama ya kutolingana, andika mlinganyo wa kawaida: 3x + 5y = 60. Huu ndio mpaka. Njia ya haraka ya kuuchora ni kutafuta pale unapokata mihimili miwili.

Weka x = 0, unabaki na 5y = 60, yaani y = 12. Nukta ya kwanza ni (0, 12): pesa zote zimeishia kwenye matikiti. Weka y = 0, unabaki na 3x = 60, yaani x = 20. Nukta ya pili ni (20, 0): pesa zote zimeishia kwenye mananasi.

Nukta mbili zinatosha kuchora mstari, lakini hazitoshi kukuambia kama umekosea. Tafuta ya tatu. Jaribu x = 10: 30 + 5y = 60, kwa hiyo y = 6. Weka alama kwenye (10, 6). Rula ikipita juu ya zote tatu, endelea. Ikikataa, kuna nukta moja iliyokaa vibaya, na ni nafuu kuigundua sasa kuliko baada ya kupaka kivuli.

Kuhusu skeli, chagua ile ambayo miraba midogo haitakusumbua. Kwenye karatasi ya grafu ambayo kila sentimeta 2 zimegawanywa miraba midogo 10, skeli ya sentimeta 2 kwa kila 5 hufanya kila mraba mdogo uwe 0.5. Namba 7 basi inakaa kwenye mraba wa 14, hapo hapo kwenye mstari wa karatasi. Ukichukua sentimeta 1 kwa kila 2, mchoro unakua mkubwa kidogo, lakini kila mraba mdogo unakuwa 0.4, na namba 7 inaangukia miraba 17 na nusu. Utakuwa unakisia kila nukta. Mimi ningechukua mchoro mdogo unaosomeka kuliko mkubwa wa kubahatisha.

Sasa chora mstari. Kwa kuwa alama yetu ni ≤, nukta zilizo kwenye mstari wenyewe zinakubalika, kwa hiyo mstari ni mzima. Ingekuwa <, tungechora vipande vifupi vyenye nafasi katikati, kumwambia msomaji kwamba mpaka huu hauhesabiwi. Chora vipande hivyo tangu mwanzo. Ukichora mstari mzima ukitarajia kuukatakata kwa raba baadaye, alama ya penseli hubaki na msahihishaji hajui ulikusudia nini.

Nukta ya kupima

Mstari umeigawa karatasi pande mbili. Chagua nukta yoyote ambayo haipo kwenye mstari wenyewe, weka namba zake mahali pa x na y katika kutolingana, kisha uliza: ni kweli au si kweli?

Nukta rahisi kuliko zote ni (0, 0), kwa sababu hesabu yake huifanya kichwani:

3(0) + 5(0) ≤ 60
0 ≤ 60

Ni kweli. Sifuri ni ndogo kuliko 60. Basi upande wote ulio na (0, 0) ni upande wa kweli, na upande wote wa pili si kweli.

Hapa ndipo wanafunzi wenye akili huuliza swali zuri: "Mwalimu, nimepima nukta moja tu. Najuaje kwamba nukta nyingine zote za upande huo zinakubali? Pengine kuna moja imejificha inakataa."

Jibu liko kwenye mstari wenyewe. Chukua nukta (10, 4), yaani mananasi kumi na matikiti manne. Thamani yake ni 30 + 20 = 50. Sasa uisogeze taratibu kwenda juu, x ibaki 10. Kwenye (10, 5) thamani ni 55. Kwenye (10, 6) ni 60 kamili, na nukta hiyo iko kwenye mstari wenyewe. Kwenye (10, 7) ni 65, umeshavuka. Thamani ya 3x + 5y haiwezi kuruka kutoka chini ya 60 hadi juu ya 60 bila kupitia 60 yenyewe, na mahali pote penye 60 ni kwenye mstari tu. Maana yake ni kwamba ukiwa upande mmoja, na ukitembea popote bila kuvuka mstari, hutakutana na badiliko la kweli kuwa si kweli. Nukta moja inausemea upande mzima.

Hiyo pia ndiyo sababu nukta ya kupima haitakiwi kuwa kwenye mstari wenyewe. Nukta ya mpakani haina upande, kwa hiyo haina la kusema kuhusu upande wowote.

Ukitaka uhakika, pima nukta ya pili kutoka upande wa pili. Hapa (20, 12) inafaa: 60 + 60 = 120, na 120 ≤ 60 si kweli. Moja imekubali, nyingine imekataa; kazi imekwenda sawa. Zikikubali zote mbili, au zikikataa zote mbili, basi ama mstari wako umekaa pabaya, ama umekosea hesabu, ama hizo nukta mbili ziko upande mmoja na hukuona.

Chagua nukta iliyo mbali kidogo na mstari. Ukichukua (10, 5.5) kwenye mchoro wa miraba ya milimita 2, mstari uliopinda kwa unene wa penseli unaweza kukuonyesha nukta hiyo upande usio wake.

Sasa kivuli

Tumejua upande wa kweli ni ule wenye (0, 0). Kabla ya kupaka, rudi kwenye swali. Likisema upake eneo lisilotakiwa, paka upande wa pili, ule wa juu kulia ya mstari, na uache mweupe upande wa (0, 0). Likisema upake eneo linalotakiwa, fanya kinyume.

Ili usichanganyikiwe, andika neno dogo kwa penseli karibu na nukta uliyopima. Kama imekubali, andika "ndiyo" pale pale kwenye karatasi. Hapo hutahitaji kukumbuka chochote: eneo lisilotakiwa ni lile lisilo na "ndiyo". Ukimaliza, futa neno lako na uandike herufi R kwenye eneo lililobaki, kama swali limeomba hivyo.

Kupaka kwenyewe kusiwe kwa kujaza penseli hadi karatasi iwe nyeusi. Mistari mifupi ya mshazari, inayoanzia kwenye mpaka na kuelekea upande usiotakiwa, inatosha. Bado utahitaji kusoma nukta zilizo karibu na mpaka.

Mazoea ya kupaka kisichotakiwa huonekana ya ajabu ukiwa na mstari mmoja tu. Faida yake inakuja mistari ikiwa mitatu au minne, kama maswali ya kutafuta faida kubwa au gharama ndogo yalivyo. Ukipaka kinachotakiwa mara tatu, jibu linakuwa mahali ambapo vivuli vitatu vimelaliana, na kwa penseli moja huwezi kutofautisha vivuli vitatu na viwili. Ukipaka kisichotakiwa, jibu ni pale palipobaki peupe, na jicho linapaona mara moja.

Jihadhari na simu. Ukiandika `3x+5y<=60` kwenye Desmos au GeoGebra, programu hupaka rangi upande wa kweli, yaani kinyume cha ulichoagizwa mtihanini. Mwanafunzi anayejihakikishia kwa simu usiku akaona rangi iko chini ya mstari, kisha asubuhi akapaka chini ya mstari, amepoteza alama huku hesabu yake ikiwa sahihi. Tumia programu kuhakiki mahali mstari ulipo na upande wa kweli. Upande wa kupaka kivuli uchukue kwenye swali.

Kwa nini usitegemee "ndogo ni chini, kubwa ni juu"

Wapo wanaofundishwa njia ya mkato: ukiona < au ≤, upande wa kweli ni wa chini, ukiona > au ≥, ni wa juu. Kwenye 3x + 5y ≤ 60 njia hiyo imekubali, na ndiyo maana watu huiamini. Ijaribu kwenye hii:

2x − y < 6

Mpaka ni 2x − y = 6. Ukiweka y = 0 unapata x = 3. Ukiweka x = 0 unapata −y = 6, yaani y = −6. Mstari unapita (3, 0) na (0, −6), na ni wa vipande kwa sababu alama ni <. Njia ya mkato inasema upande wa kweli ni wa chini.

Pima (0, 0): 2(0) − 0 < 6, yaani 0 < 6. Kweli. Lakini (0, 0) iko juu ya mstari huu, si chini yake. Njia ya mkato imekupeleka upande mbaya.

Kilichotokea ni ile alama ya kutoa mbele ya y. Ukitaka y ibaki peke yake, unaanza na −y < 6 − 2x, halafu unazidisha kote kwa −1, na hapo alama inageuka: y > 2x − 6. Kumbe ni "kubwa kuliko", yaani juu. Njia ya mkato ni ya uhakika pale ambapo y imebaki peke yake upande wa kushoto na alama imegeuzwa ilipostahili kugeuzwa, na hapo ndipo mtu husahau.

Ndiyo maana nasisitiza jambo moja ambalo vitabu vingi hulipita haraka: pima nukta yako katika kutolingana kwa asili, jinsi kulivyoandikwa kwenye swali, si katika kule ulikokupanga upya. Tuseme umesahau kugeuza alama ukaandika y < 2x − 6. Ukipima (0, 0) humo, unapata 0 < −6, si kweli, na kosa lako litajithibitisha lenyewe. Ukipima katika 2x − y < 6, unapata kweli, na kosa la kupanga upya halikuathiri kabisa, kwa sababu mpaka ni ule ule alama iwe imegeuka au haijageuka.

Mstari ukipita kwenye (0, 0)

Turudi kwa mchuuzi wetu. Wateja wake hupenda mananasi zaidi, kwa hiyo anataka mananasi yawe mengi kuliko matikiti:

x > y

Mpaka ni x = y. Unapita (0, 0), (5, 5), (10, 10), na ni wa vipande, kwa kuwa idadi sawa haikubaliki. Hapa (0, 0) haitusaidii. Ukiipima unapata 0 > 0, ambayo si kweli, na mwanafunzi mwenye haraka ataandika "si kweli" kisha atafute upande wa (0, 0) usiokuwepo. Kila ukiona kutolingana hakuna namba inayosimama peke yake, yaani ni x na y tu kama x > y au 4x ≤ 3y, ujue mpaka unapita pale mihimili inapokutana na utafute nukta nyingine.

Chukua iliyo kwenye mhimili wenyewe, ili angalau namba moja iwe sifuri. Nukta (10, 0) inafaa: 10 > 0, kweli. Upande wa kweli ni ule wa (10, 0), yaani chini kulia ya mstari. Kisichotakiwa ni juu kushoto. Tazama pia kwamba alama hapa ni ">" na upande wa kweli uko chini. Njia ya mkato imeanguka tena.

Mpaka uliolala na uliosimama

Sharti la mwisho la mchuuzi ni angalau matikiti matatu, kwa sababu kuna mteja wa hoteli aliyekwisha agiza: y ≥ 3. Hakuna x ndani yake, na hilo huwatisha baadhi ya watu bila sababu. Mpaka ni y = 3, mstari mzima uliolala, unaopita 3 kwenye mhimili wa y. Pima (0, 0): 0 ≥ 3, si kweli. Safari hii (0, 0) imekataa, kwa hiyo upande wake ndio usiotakiwa. Paka chini ya mstari.

Kama lingekuwa sharti la mananasi, mathalani x ≤ 15, mpaka ungesimama wima kwenye 15, na kipimo ni kile kile. Hatutalitumia hapa.

Yote matatu kwenye karatasi moja

Idadi ya matunda haiwezi kuwa hasi, kwa hiyo tunabaki kwenye robo ya karatasi ambayo x na y ni sifuri au zaidi. Chora mipaka mitatu, na kwa kila mmoja maliza kazi yake kabla ya kugusa unaofuata: mstari, nukta ya kupima, kivuli. Ukichora yote mitatu kwanza ndipo uanze kupima, utajikuta unapima nukta sahihi na kupaka kando ya mstari ambao si wake.

Ukimaliza, peupe panabaki pembetatu. Upande wake wa chini ni y = 3, upande wa kulia unaoshuka ni 3x + 5y = 60, na upande wa kushoto unaopanda ni x = y wa vipande. Kona zake ni (3, 3), (15, 3) na (7.5, 7.5). Andika R ndani.

Sasa pima nukta moja ya ndani ya R katika masharti yote matatu kwa pamoja. Mfano (10, 5): 30 + 25 = 55, haizidi 60. Mananasi 10 ni mengi kuliko matikiti 5. Matikiti 5 si pungufu ya 3. Zote kweli. Kama hata moja ingekataa, ungejua kuna kivuli kimoja kimepakwa kinyume, na ile iliyokataa ndiyo ingekutajia kipi.

Mchuuzi hanunui nusu nanasi, kwa hiyo majibu yake ni nukta za namba kamili tu zilizo ndani ya R au kwenye mipaka mizima. Zisome safu kwa safu kutoka chini. Kwa matikiti 3, mananasi yanaweza kuwa 4 hadi 15, hizo ni njia 12. Kwa matikiti 4 ni 5 hadi 13, njia 9. Kwa 5 ni 6 hadi 11, njia 6. Kwa 6 ni 7 hadi 10, njia 4. Kwa 7 ni moja tu, mananasi 8, inayogharimu shilingi 59,000. Kwa matikiti 8 angehitaji mananasi 9 au zaidi, na pesa zinamruhusu 6 tu. Jumla ni njia 32.

Na ule mstari wa vipande? Nukta (7, 7) inagharimu shilingi 56,000 na ina matikiti ya kutosha, lakini imekaa kwenye mstari wa x = y wenyewe. Anayechora mstari huo mzima ataihesabu pamoja na (3, 3), (4, 4), (5, 5) na (6, 6), na atatoka na njia 37.